Sista Meza na Vidonge vya Nyuma ya Tangi

Wivu hauna umri wa kustaafu. Ungekuwa nao, Sista Meza angekuwa ameshaurudisha stoo zamani pamoja na zile gauni nyeupe za kubana kiuno. Mtu amevuka hamsini, ana mjukuu, ana magoti yanayolia akipanda ngazi, bado anamwonea mwenzake kijicho kwa sababu ya benchi. Ndiyo, benchi. Subiri.

Jina la Meza hakupewa na mama yake. Alipewa na wajawazito. Alikuwa nesi wa kliniki ya akina mama, chumba cha kwanza kushoto ukiingia kwenye korido, na kwa miaka yote hiyo kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kuwamezesha wajawazito dawa ya kuzuia malaria. Vidonge vitatu vyeupe, SP, mara moja, mbele ya macho yake. Si nyumbani, si kesho, si "nitameza nikishakula, sista." Alikuwa anasimama juu ya mama wa watu kama askari wa getini, jagi mkono mmoja, kikombe mkono wa pili.

"Meza. Fungua mdomo. Inua ulimi. Haya, wa pili!"

Na alikuwa na sababu zake, tusimwonee. Mwanzoni mwa kazi aliona akina mama wanapewa vidonge waende navyo nyumbani. Vikaishia kwenye mikoba, chini ya mito, vingine wakapewa waume wenye homa. Halafu mama huyohuyo analetwa anatetemeka, mtoto kazaliwa kama kiganja. Kwa hiyo Meza akaapa: kwake hakuna kidonge kinachotoka mlangoni kikiwa hakijapita kooni. Mimba ikishaingia mwezi wa nne, unameza. Ukirudi, ukiwa umepitisha mwezi mzima au zaidi, unameza tena. Na tena, mpaka ujifungue. Anayetumia septrini kila siku, ambayo nayo ina salfa kama SP, huyo hapewi. Anayedhurika na salfa, hapewi. Wengine wote, fungua mdomo.

Basi akaletwa nesi mpya, chumba cha kwanza kulia. Mwembamba, sauti kama ya mtu anayebembeleza mtoto, na neno lake la kila saa ni "pole". Umechelewa? Pole. Mgongo unauma? Pole, mama, kaa. Mume hajapiga simu? Pole sana, hao ndivyo walivyo. Haikupita muda akina mama wakambandika jina: Sista Pole.

Na hapo ndipo benchi linapoingia. Kila chumba kilikuwa na benchi lake nje, na mama alikuwa na hiari ya kukaa atakako. Benchi la kulia likaanza kujaa mpaka watu wanakaa nusu tako. Benchi la kushoto likabaki na wanawake wawili watatu, wale waliokuja kwa mara ya kwanza na hawajui mambo, au waliokosa nafasi kulia.

Sista Meza akawa anachungulia mlangoni. Anasikia kicheko chumbani kwa mwenzake. Anajiambia, mimi nimezalisha nusu ya mtaa huu, huyu jana tu alikuwa anajifunza kufunga bandeji.

"Wanacheka nini kule?" alimuuliza mama aliyekuwa mbele yake.

"Sijui, sista."

"Malaria haichekeshi. Meza."

Nadharia yake ilikuwa hii: huyu mtoto anapendwa kwa sababu analegeza. Lazima analegeza. Haiwezekani uwabane watu wameze vidonge vichungu halafu wakuite mpenzi. Atakuwa anawapa waende navyo. Atakuwa anageuka ukutani wakitema. Alilishika wazo hilo kama mtu anavyoshika nauli ya mwisho, maana bila hilo lingebaki wazo lingine, na hilo lingine hakulitaka.

Sasa, mambo ya mabenchi yangeishia kwenye masimango tu kama si mdogo wake.

Mdogo wake Sista Meza ni fundi wa nguo, wa mwisho kuzaliwa kwao. Mama yao alifariki yule mtoto akiwa na meno mawili, kwa hiyo Meza ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamnunulia cherehani. Mimba ya kwanza ya fundi ilitoka ikiwa na miezi sita, baada ya homa ya siku chache tu. Meza ndiye aliyepokea kile kiumbe kwa mikono yake miwili. Hakuwahi kulisema tena. Lakini mimba ya pili ilipoingia, alimpigia mdogo wake simu kila asubuhi: "Umelala kwenye neti? Usinidanganye."

Mwezi wa nne fundi akaja, akakaa benchi la kushoto, akameza mbele ya dada. Mwezi wa tano akaja, akameza. Sista Meza akalala usingizi.

Mwezi wa sita fundi akaingia koridoni na tumbo lake mbele, akamsalimia dada yake shikamoo ya haraka, akaenda kukaa benchi la kulia.

Sista Meza alidhani macho yake yamechoka. Akatoka.

"Wewe. Benchi langu lina misumari?"

"Hapana, dada. Ni... nimeona foleni yako ndefu."

Benchi la kushoto lilikuwa na mtu mmoja, na huyo alikuwa ameegemea ukuta analala. Akina mama wa benchi la kulia wakatazama vidole vyao vya miguu. Mmoja akakohoa kikohozi cha kuficha kicheko.

"Sawa," alisema Meza. "Foleni ndefu. Sawa."

Akarudi ndani akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake akitazama jagi. Kifua kilikuwa kinawaka. Ukitaka kujua wivu wenyewe, si ule wa mume. Mume ni mtu wa kuja. Wivu wenyewe ni mtoto uliyemtafunia chakula kinywani kuamka siku moja akatafuta mkono mwingine, tena mbele za watu. Kutoka ng'ambo ya korido akamsikia mdogo wake anazungumza, anazungumza na kuzungumza, yule ambaye kwake hasemi zaidi ya "ndiyo dada". Walikaa mle ndani muda mrefu sana. Wanazungumza nini? Ananisema mimi?

Tangu siku hiyo alitafuta ushahidi. Na atafutaye hachoki.

Nyuma ya kliniki kuna tangi la maji lenye bomba. Akina mama wanapita pale kunawa, kusukutua, kujaza chupa kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Siku moja, baada ya wiki moja hivi, Sista Meza alikwenda kuosha vikombe vyake. Akaona kitu cheupe kwenye majani kando ya mfereji. Akainama, magoti yakalia. Kidonge. Pembeni yake kingine kimeshaanza kuyeyuka kuwa ungaunga. Akafunua majani kwa mguu. Vingine. Vingi. Vya jana, vya juzi, vingine vimebaki alama tu kama chaki iliyonyeshewa.

Mtu mwingine angehuzunika. Wajawazito wanatema kinga yao kwenye majani! Sista Meza, Mungu amsamehe, alifurahi. Alifurahi mpaka akaona aibu, halafu akafurahi tena. Akaviokota vile vizima kwa karatasi, akavikunja vizuri, akaviweka mfukoni kama mtu aliyeokota pete.

Kesho yake asubuhi, kwenye kikao cha wafanyakazi, akaifungua ile karatasi juu ya meza ya mkuu wa kituo.

"Nimevikuta nyuma ya tangi. Sitaji mtu. Lakini kuna watu hapa wanagawa dawa kwa tabasamu, na matokeo ya tabasamu ndiyo haya."

Wote wakamtazama Sista Pole. Sista Pole akavitazama vile vidonge muda kidogo.

"Pole, dada," akasema. "Sidhani ni vya kwangu."

"Vya nani sasa? Vya mtunza bustani?"

"Akina mama wangu wakishameza hawatoki. Nawakalisha ndani mulemule nusu saa, tunapiga soga. Akitapika ndani ya muda huo, namrudishia dozi. Kidonge kikae mdomoni nusu saa huku mtu anacheka? Kitayeyuka tu."

"Nusu saa!" Meza akacheka cha puani. "Ndiyo maana foleni haitembei. Kliniki imekuwa saluni."

Mkuu wa kituo, mtu mzima asiyependa kelele kabla ya chai, akasema, "Nyie wawili, dawa inatemwa, hilo ndilo tatizo. Anayejua inatemwa na nani aje na jibu, asije na mafumbo."

Kwa hiyo Meza akaenda kutafuta jibu. Siku ya kliniki aliwahudumia akina mama wake wachache upesi, na alipomalizana na aliyekuwa ndani akamwambia anayefuata asubiri kidogo. Akatoka mlango wa nyuma, akajibanza nyuma ya ukuta wa tangi. Nesi mzima, saa ya kazi, kajikunyata kama mwizi wa kuku. Alikuwa ameshaandaa kichwani maneno atakayomwambia mkuu. Alikuwa ameshafika kwenye neno "nilisema".

Mama wa kwanza kufika bombani alikuwa na kitenge cha njano. Meza alimjua mara moja kwa sababu dakika hiyohiyo alikuwa ametoka kumwambia "inua ulimi!" Shavu la kushoto limetuna kidogo, kama la mtu mwenye jino bovu. Yule mama akatazama huku na huku, akaingiza kidole kati ya fizi na shavu. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Akavitupa kwenye majani, akasukutua, akatema.

"We mama!"

Yule mama nusura aangukie mfereji.

"Sista, nisamehe! Nisamehe!"

"Umemeza mbele yangu! Umeinua ulimi nimeona!"

"Ulimi unaangalia, sista." Akafuta mdomo kwa pindo la kitenge. "Shavu huangalii."

"Nani kakufundisha?"

Mama wa kitenge cha njano akatazama mlango wa nyuma. Halafu, kwa kuwa hakuna anayependa kufa peke yake, akasema, "Wote wa benchi lako wanajua. Vinanipa kichefuchefu, sista. Nikikuambia utanifokea. Kule kwa mwenzako ukisema kichefuchefu unaambiwa kaa, vuta pumzi, tunameza kimoja kimoja. Kwako nimekaa leo kwa sababu benchi la kule limejaa."

Sista Meza alishika ukuta. Kilichomshika moyo hakikuwa yule mama. Ilikuwa ni hesabu ndogo iliyojifanya yenyewe kichwani: mwezi wa nne, benchi la kushoto. Mwezi wa tano, benchi la kushoto.

Alimrudisha yule mama ndani, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akampa vidonge vingine kimoja baada ya kingine, na akakaa naye. Hakujua la kuzungumza, kwa hiyo walizungumzia bei ya sabuni. Mama wa kitenge hakutapika.

Jioni alikwenda kwa fundi. Mfukoni mwa koti alikuwa na vidonge vitatu. Usiniulize alivitoaje kliniki, yeye aliyeapa kwamba kidonge hakitoki mlangoni.

Mdogo wake alikuwa peke yake dukani, mguu kwenye cherehani, tumbo limebana meza, vipande vya nguo za shule vimerundikana sakafuni. Alipomwona dada yake akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Ulimeza?" Sista Meza hakusalimia. "Mwezi wa nne na wa tano. Kwangu. Ulimeza?"

Fundi akavuta uzi uliokuwa haujakatika.

"Mara ya kwanza nilimeza, dada. Vyote vitatu. Nilivitapika getini kabla hata sijavuka barabara."

"Kwa nini hukurudi? Ungerudi ningekupa vingine! Dawa ikitoka hapo hapo inarudiwa!"

"Nirudi nikuambie nimetapika? Wewe? Ulishawahi kumwambia mama mmoja mbele yangu, 'Tumbo lako linadeka.'"

"Na mwezi wa tano?"

Fundi akagusa shavu lake kwa kidole.

Sista Meza akakaa juu ya rundo la nguo za shule. Mimba iliyopita ilitoka mwezi wa sita. Na hii, mpaka mwezi wa sita, ilikuwa inatembea uchi, haina kinga hata moja zaidi ya neti, na yeye alikuwa analala usingizi.

"Kumbe kule ulisema yote," alisema. "Kwa mtu baki."

"Aliniuliza, dada."

"Mimi sikukuuliza?"

"Wewe uliniuliza kama mdomo umefunguka." Fundi alisema bila ukali, na ndiyo maana ilichoma. "Yeye aliniuliza, nyumbani unakunywa nini kingine? Nikatoa ile chupa ya mama mkwe."

"Chupa gani?"

"Foliki. Alininunulia duka la dawa, ile kali, ya miligramu tano. Aliambiwa inaongeza damu na mtoto anakuwa na akili. Nilikuwa nakunywa kila siku, tangu mwezi wa pili."

Hapa Sista Meza alifumba macho. Yeye anajua, kila nesi wa kliniki ile anajua: foliki ya mjamzito ni ile ndogo, ya nukta nne ya miligramu, inayokuja pamoja na madini ya chuma, na hiyo haigombani na SP. Lakini ile kubwa ya miligramu tano inaivunja nguvu SP. Ni kama kumfunga mlinzi mikono halafu ukamwambia alinde. Hata kama mdogo wake angemeza vile vidonge vyote bila kutapika, bado angekuwa anajidanganya. Na yeye dada hakuuliza. Miezi miwili mfululizo alikagua ulimi, chupa ipo kwenye mkoba.

"Akasemaje huyo Pole wako?"

"Akaniambia niiache ile chupa siku ileile. Nikameza vitatu palepale, kimoja kimoja, tukakaa. Akanipa zile ndogo za kliniki za kila siku. Akasema hata daktari akiona sababu ya kunirudishia ile kubwa, isiguse mdomo wangu mpaka zipite wiki mbili baada ya vidonge." Fundi akatabasamu kidogo. "Halafu akanihadithia alivyoogopa sindano alipokuwa chuoni. Nesi anaogopa sindano, dada! Nilicheka mpaka mtoto akapiga teke."

Teke la kwanza la kucheka la mtoto yule, na lilitolewa kwa hadithi ya mtu mwingine. Sista Meza alihisi wivu ukipanda mpaka kooni, mchungu kuliko dawa yoyote aliyowahi kugawa. Akaingiza mkono mfukoni. Akatoa vile vitatu.

"Umepoteza dozi mbili kwangu," alisema. "Nakurudishia. Shika."

Na hivi ndivyo fundi alivyo: alinyoosha kiganja. Hakuuliza. Alikuwa ameshainua kikombe cha maji kilichokuwa kando ya cherehani, macho yametulia kwa dada yake kama alipokuwa na miaka mitatu, anaambiwa kunywa, anakunywa. Angemeza. Safari hii angemeza kweli, na vingekuwa vya dada, na deni la moyo lingeisha.

Alikuwa amemeza kwa Sista Pole wiki mbili tu zilizopita.

Sista Meza alikitazama kile kiganja. Dozi iliyopotea haifukuzwi. Haibebeshwi juu ya nyingine. Mwezi lazima upite, upende usipende, uwe dada au usiwe dada. Hilo alikuwa analijua kabla Sista Pole hajaota jino la kwanza, na leo alikuwa tayari kulivunja ili tu mkono wa mwisho uwe wake.

Akakikunja kiganja cha mdogo wake kwa vidole vyake, akavichukua vile vidonge kutoka ndani.

"Weka maji chini," alisema. "Siyo leo."

"Dada? Umesema..."

"Nimesema ujinga. Mwezi haujaisha. Utarudi ukitimia." Akavirudisha vidonge mfukoni. "Utarudi kwake. Benchi la kulia. Usihame sasa hivi, umeshazoea."

"Umekasirika?"

"Sana," alisema Sista Meza. "Endelea kushona."

Kwenye kikao kilichofuata alisimama kabla mkuu hajakaa vizuri. Hakuwa na karatasi. "Vile vidonge vya tangi ni vya benchi langu," alisema. "Wanaweka shavuni. Mwenzangu nilimsingizia." Kisha akakaa kwa kishindo, na Sista Pole aliposema "pole, dada," alimkata, "Hilo neno likome leo, tafadhali."

Akahamishia benchi lake ndani ya chumba. Akina mama wakaanza kukaa mle nusu saa. Soga lake halikuwa zuri, alikuwa anahadithia uzazi mgumu mpaka mmoja akamwomba abadilishe stesheni. Lakini aliuliza: unakunywa nini kingine? Lete mkoba tuone. Kichefuchefu? Haya, kimoja kimoja, hatukimbizwi. Majani ya nyuma ya tangi yakarudi kuwa majani.

Mwezi ulipotimia fundi akaja. Alikaa benchi la kulia, kama alivyoambiwa. Sista Meza alipita koridoni mara ya kwanza na jagi, mara ya pili bila jagi, mara ya tatu hakuwa hata na kisingizio. Mlango wa Sista Pole ukafunguka.

"Dada, ingia basi. Unanipa kizunguzungu."

Akaingia. Mdogo wake alikuwa amekaa, vidonge vitatu kiganjani. Sista Pole akamwachia Meza kile kikombe, kwa makusudi, na Meza akajua ni kwa makusudi, na akamchukia kidogo kwa wema wake. Fundi akameza cha kwanza, akavuta pumzi. Cha pili. Kwenye cha tatu uso ukakunjamana, mkono ukaruka mdomoni. Zamani Sista Meza angesema, "Usidekeze tumbo." Sasa alikaa kando yake, akamshika mgongo pale alipokuwa anamshika utotoni.

"Taratibu. Kikirudi tutaanza upya. Hakuna anayekuhesabia."

Hakikurudi. Wakakaa nusu saa nzima, watatu, na fundi akacheka kwa hadithi za Sista Pole, na Sista Meza hakucheka.

Mtoto alikuja mwezi wa tisa, wa kike, mzito, na sauti ya kuuzia samaki. Sista Meza alimpokea kwa mikono miwili ileile. Fundi akiwa bado anahema, alama za meno mdomoni, akainua kichwa kwenye mto na neno lake la kwanza likawa, "Sista Pole yupo zamu? Mwiteni aone."

Sista Meza alimtazama yule mtoto, vidole vyote, mashavu yote mawili. Akamfunika vizuri.

"Anakuja," alisema. "Ngoja kwanza nimshike mimi."

Na akamshika muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kabla ya kumtuma mtu amwite.